Pampu imeungua, sawa, lakini kaiunguza nani? Uchambuzi wa ripoti moja ya sentensi tisa

Mtaani kwetu, nje kidogo ya Dodoma mjini, tuna kisima kirefu cha kuchangia, kaya 43, kamati ya watu watano, mlinzi anayewasha pampu na fundi tunayemwita ikisumbua. Mwaka juzi mwezi wa kumi pampu ikafa. Katibu akaandika ripoti ya kusoma kwenye mkutano wa wanachama, na ile ripoti nusura imfukuzishe kazi mtu ambaye kosa lake lilikuwa dogo kuliko ya wote. Mimi nahariri taarifa za miradi ndo kazi inayonilisha, kwa hiyo waliponiomba niipitie nilidhani ni suala la nusu saa, kumbe ilinichukua siku tatu na simu kama kumi hivi. Nitaieleza sentensi kwa sentensi, maana sijapata kuona mfano mzuri kama huu wa jinsi kitenzi kinavyoweza kumficha mtu.

Ripoti yenyewe hii hapa, nimeondoa salamu tu, na sensa inayotajwa humo ni kile kifaa cha kuhisi maji kwenye pampu:

> Mnamo tarehe 9 Oktoba ilibainika kuwa pampu imeungua. Ufuatiliaji ulifanyika na ikaonekana kuwa maji kisimani yalikuwa yamepungua. Hapo awali sensa ilikuwa na changamoto na marekebisho yalifanyika. Fundi alimwambia mlinzi kuwa ameshaunganisha moja kwa moja kwa muda. Taarifa ilitolewa kwa viongozi. Kulikuwa na kuchelewa kwa utekelezaji. Pampu iliendelea kutumika kama kawaida. Fedha za matengenezo zilitumika. Hatua stahiki zitachukuliwa ili hali hiyo isijirudie.

Ukiisoma haraka unaona iko poa kabisa, ndivyo tulivyozoea kuandika maofisini. Sasa chukua kalamu, pigia mstari kila binadamu anayetenda kitu. Utawapata kwenye sentensi ya nne tu: fundi na mlinzi. Viongozi wametajwa mara moja, na hapo wanapokea taarifa, hawafanyi chochote. Kwingine kote anayetenda ni pampu, ufuatiliaji, sensa, marekebisho, taarifa, fedha, hatua. Yaani kamati nzima ya watu watano haikunyanyua hata kidole kwa wiki tatu na nusu, ila fedha zenyewe zilitoka zikatumika na marekebisho yakajifanya yenyewe.

Ndo maana kwenye mkutano wa kwanza watu hawakuchukua hata robo saa. Mama mmoja akasimama akasema huyo mlinzi alijua kabisa kitu kimeunganishwa moja kwa moja na bado akawasha, aondoke. Wengi wakaitikia. Hakuwa na roho mbaya yule mama, alisoma kilichoandikwa, na kwenye kilichoandikwa watu waliokuwepo ni wawili tu. Wale wengine walikuwa ndani ya vitenzi, hawaonekani.

Na katibu hakuficha kwa makusudi, hilo nalisema mapema. Nilipomuuliza akaniambia, "Mdogo wangu, ukimtaja mwenyekiti kwenye karatasi mbele ya wazee ni kama umemvua nguo." Namuelewa. Ila mlinzi alimtaja bila shida yoyote, na hiyo hakuiona mpaka nilipomwonyesha. Hapo ndo niligundua kitu ambacho sasa nakitazama kwenye kila ripoti: adabu ya kutomtaja mtu huwa tunawapa wenye vyeo, wa chini wanaandikwa waziwazi tu.

Sasa tuingie kwenye vitenzi. Kiswahili kina ngazi tatu hapa na inabidi uzione tofauti. "Pampu imeungua": hakuna mtu kabisa, imetokea tu, kama mvua. "Pampu imeunguzwa": mtu yupo, ila hujaambiwa ni nani. "Fulani kaiunguza pampu": huyu hapa. Tuna jozi za hivi nyingi sana, potea na poteza, vunjika na vunja, mwagika na mwaga, chelewa na chelewesha, na kila Mswahili amezijua tangu utotoni, mtoto akiulizwa glasi vipi hajibu nimeivunja, anajibu imevunjika, au akizidiwa sana, "imeniponyoka". Ile ngazi ya kati ya -wa walau inakuachia mlango wa kuuliza, kwa sababu unaweza kuongeza "na nani" ukajibiwa. Ngazi ya kwanza mlango hauna. Jaribu kusema "kikombe kimevunjika na Juma", utaeleweka kama vile Juma naye kavunjika pamoja na kikombe.

Kwa hiyo watu wanaposema epuka -wa kwenye kuandika, nadhani wanamshika mwizi mdogo. Hebu hesabu kwenye ripoti yetu. Vya -wa vipo viwili tu, "ilitolewa" na "zitachukuliwa". Vingine vinavyoficha mtu ni kama ilibainika, ulifanyika, ikaonekana, yalifanyika, kutumika, zilitumika. Karibu vyote ni vya -ika na ndugu zake. Huko ndiko watu wanakojificha, na ukitafuta -wa peke yake utaipitisha hii ripoti ikiwa na makosa mawili.

Nilichofanya ni kwenda kila sentensi na swali moja, nani? Na jibu likiwa halipo kwenye karatasi, napiga simu. Huwezi kuihariri ripoti kama hii ukiwa umekaa mezani, kwa sababu taarifa yenyewe haipo, mwandishi alipoandika "marekebisho yalifanyika" hakulazimika kujua nani kafanya nini, kwa hiyo hakuuliza. Mimi nikaanza kuuliza.

Sentensi ya kwanza ilikuwa nyepesi. "Ilibainika", hiyo i- ya mwanzo haina mwenyewe. Aliyebaini ni mlinzi, saa kumi na mbili asubuhi alipofika akakuta pampu haisukumi na kontrol boksi inanuka waya ulioungua, akazima swichi kubwa, akampigia mwenyekiti. Ona hapo tayari mlinzi kageuka, kwenye ripoti ya zamani hakufanya lolote la maana, kumbe ndiye aliyezima umeme.

Ya pili, "ufuatiliaji ulifanyika". Aliyefuatilia ni fundi, na alifanya kitu kinachoonekana, alishusha kamba yenye uzito kisimani akapima, akakuta maji yako chini ya mahali pampu ilipokaa. Hii ni muhimu maana pampu ya kuzama inapozwa na maji yanayopita pembeni ya mota, maji yakishuka chini yake mota inazunguka kavu, inachemka mpaka waya za ndani zinaungua. Oktoba kwetu kiangazi kimeshakomaa, maji ya kisima yanakuwa chini kweli, na sensa ipo kwa ajili hiyo tu, ikiona maji yameshuka inaizima pampu yenyewe.

Ya tatu ndo ilinifungua macho. "Sensa ilikuwa na changamoto." Hili neno changamoto lina kazi nyingi sana siku hizi, linabeba kila kitu kama daladala. Nikamuuliza mlinzi, mzee, sensa ilifanya nini hasa? Akasema kuanzia tarehe 14 Septemba ilikuwa inaizima pampu kila baada ya nusu saa. Nikampigia fundi, nikamuuliza ulijuaje sensa mbovu. Kimya kidogo. Akasema, pampu ilikuwa inajizima kaka, nikajua sensa imekufa. Unaona? Sensa haikuwa na changamoto yoyote, ilikuwa inafanya kazi yake, inawaambia maji yanashuka. Ukiandika kitenzi chenyewe, "sensa iliizima pampu kila baada ya nusu saa", swali la kwa nini iliizima linakuja lenyewe. Ukiandika "changamoto" swali linakufa hapohapo. Wiki tatu na nusu hakuna aliyeliuliza.

Na "marekebisho yalifanyika" je? Fundi alichomoa waya za sensa kwenye kontrol boksi akaunga njia moja kwa moja kwa kipande cha waya. Mafundi wanasema kuruka sensa. Hiyo hata ukiitazama kwa huruma si marekebisho, ni kuondoa breki. Nomino zinazotokana na vitenzi, marekebisho, utekelezaji, ufuatiliaji, uboreshaji, zina ubaya huu kwamba zinakuja na tathmini ndani yake, marekebisho maana yake kitu kimekuwa sawa, na msomaji anaimeza tathmini bila kuona tendo.

Sentensi ya nne ndiyo yenye watu, na ajabu ndiyo iliyopotosha kuliko zote. "Fundi alimwambia mlinzi kuwa ameshaunganisha moja kwa moja." Nani kaunganisha? Ile a- ya "ameshaunganisha" inaweza kuwa fundi, inaweza kuwa mlinzi, Kiswahili hakikuambii, na hata mtu wa tatu anaingia. Nusu ya mkutano walielewa kwamba mlinzi ndiye kaunganisha na fundi kamshtukia! Hili ni tatizo letu wenyewe, kiambishi kimoja kinabeba watu wote wa nafsi ya tatu umoja, yeye wa kwanza na yeye wa pili, mwanamke na mwanaume. Kauli ya kutenda haikusaidii hapo. Dawa ni mbili tu, urudie jina au cheo hata kama inasikika nzito, au uweke maneno yenyewe aliyosema. Niliweka maneno yenyewe. Fundi alisema: "Nimeruka sensa, nitaleta nyingine, usiiwashe zaidi ya dakika 40 kwa mara moja." Yale maneno ya dakika 40 hayakuwepo kabisa kwenye ripoti, na ndiyo kiini cha kesi yote.

"Taarifa ilitolewa kwa viongozi" ilinipa simu tatu. Mlinzi alimpigia mwenyekiti siku hiyohiyo, akamwambia sensa mpya ni 85,000. Mwenyekiti akamtumia mweka hazina voisi. Mweka hazina hawezi kutoa pesa bila sahihi ya katibu, na katibu alikuwa kasafiri msibani. Ukishaandika hivyo, unagundua ile ya sita, "kulikuwa na kuchelewa kwa utekelezaji", haina sababu ya kuwepo, imeshajieleza. Hii ku- ya "kulikuwa" nayo ni ya kuangalia, ni sentensi isiyo na mtu wala kitu, ina mahali tu. Nilimuuliza katibu aliyeandika, hapa nani alichelewa? Akacheka, akashika kichwa. "Mimi." Kumbe sentensi aliyojificha ndani yake aliiandika mwenyewe na hakujua.

Katibu alirudi kutoka msibani baada ya siku kumi, mweka hazina akamkumbusha mara moja, ikapita. Katikati hapo umeme ukaisha na mweka hazina akanunua LUKU ya 80,000 kutoka pesa ileile ya matengenezo, mwenyekiti akakubali kwa simu. Ndo "fedha za matengenezo zilitumika". Mkutanoni kuna waliokuwa wameshaanza kunong'ona kwamba zimeliwa. Kitenzi "tumika" kinaruhusu hata hilo, maana hakisemi nani wala kwa kitu gani. Kwa hiyo mweka hazina, ambaye alitunzwa asitajwe, ndiye aliyeumizwa na kule kutotajwa.

Imebaki ya saba, "pampu iliendelea kutumika kama kawaida", na hapa nilipata mtu ambaye hakuwepo kabisa kwenye ripoti. Mlinzi wetu aliheshimu zile dakika 40. Ila tarehe 8 Oktoba aliumwa, kijana mwingine akamshikia zamu, na kwa kuwa kaya za juu zilikuwa zimelalamika siku mbili hazina maji, mwenyekiti akampigia kijana akamwambia awashe usiku. Kijana akawasha saa nne usiku akaiacha mpaka saa kumi na moja alfajiri. Masaa saba. Hakuna mtu aliyemwambia habari ya sensa wala dakika 40, si mlinzi, si mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe dakika 40 hakuzijua kwa sababu mlinzi kwenye simu alimwambia bei tu.

Nilipomaliza nikampa katibu maelezo yote, nikamwambia aandike upya yeye mwenyewe, mtaa ni wake. Rasimu yake ya kwanza ilinifurahisha na kunichosha kwa pamoja. Aliondoa -ika zote, akaweka: "Kamati ilichelewa kulipa. Uongozi uliamua pampu iwashwe usiku. Upungufu wa mawasiliano ulisababisha hasara." Kisarufi vitenzi vikuu vyote viko kwenye kauli ya kutenda, huwezi kumkosoa. Lakini kamati ni watu watano na waliohusika ni watatu, uongozi hapo ni mtu mmoja mwenye simu, na upungufu wa mawasiliano haujawahi kumwashia mtu pampu. Njia ninayoitumia kulijua jambo hili ni kujiuliza kama ningekuwepo na simu ya kamera, ningepiga picha ya nini. Mtu anawasha swichi, napata picha. Mtu anatuma voisi, napata. Uongozi ukiamua, napiga picha ya nini sasa?

Na vitenzi vile vya kubebea mizigo, kufanya, kutoa, kuchukua, kupata, vilirudi kwa mlango wa nyuma. "Mlinzi alitoa taarifa." Alitoaje? Kwa mdomo, kwa meseji, kwa daftari? Kwetu tofauti ilikuwa kubwa, maana ni simu ya dakika mbili ambayo haikuacha maandishi popote.

Toleo la mwisho lilikuwa hivi, na vyeo vimebaki bila majina, hilo tulikubaliana, na kila aliyetajwa alisoma sentensi yake kabla ya mkutano akaruhusiwa kuirekebisha kama si kweli:

> Tarehe 14 Septemba sensa ilianza kuizima pampu kila baada ya nusu saa. Mlinzi alimpigia mwenyekiti, mwenyekiti akamwita fundi. Fundi aliamini sensa imekufa, hakupima maji. Alichomoa waya za sensa, akaunga moja kwa moja, akamwambia mlinzi: "Nimeruka sensa, nitaleta nyingine, usiiwashe zaidi ya dakika 40 kwa mara moja." Mlinzi alimpigia mwenyekiti akamwambia bei ya sensa, sh. 85,000, hakumwambia habari ya dakika 40. Mwenyekiti alimtumia mweka hazina voisi. Mweka hazina alisubiri sahihi ya katibu. Katibu alikuwa msibani siku kumi, na aliporudi hakusaini. Mweka hazina alinunua LUKU ya sh. 80,000 kwa pesa ya matengenezo, kwa ruhusa ya mwenyekiti. Tarehe 8 Oktoba mlinzi aliumwa. Mwenyekiti alimpigia kijana wa zamu akamwambia awashe pampu usiku. Kijana aliwasha saa nne usiku, akazima saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyemwambia kuwa sensa imerukwa. Asubuhi mlinzi alikuta pampu haisukumi, akazima swichi kubwa. Fundi alipima kisima akakuta maji yako chini ya pampu.

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, zaidi ya mara mbili. Wanaosema kauli ya kutenda inafupisha maandishi wanasema kweli kwa sentensi moja moja, ila ripoti iliyoficha watu ikifunuliwa inarefuka, kwa sababu watu walikuwa wengi.

Utaona pia "sensa imerukwa" imebaki na -wa. Niliiacha makusudi. Anayeruka ameshatajwa juu, na pale habari ni alichokosa kujua kijana, si nani aliruka. Hali kadhalika kwenye kiambatanisho tuliandika "waya mmoja umekutwa umechubuka karibu na mdomo wa kisima, hatujui umechubuliwa na nini". Hapo kulazimisha mtendaji ni uzushi. Kama hujui andika hujui, kwa nafsi yako, "hatujui", maana hiyo nayo ni kauli ya kutenda na ina mwenyewe. Ukitaka kujua kama -wa imekaa kwa haki au imejificha, ongeza "na nani": jibu likiwa lipo tayari kwenye aya, au halipo duniani, iache. Jibu likiwa lipo ila linaona aibu, hapo ndo pa kupiga simu.

Mkutano wa pili ulichukua masaa mawili na mlinzi hakuguswa. Ugomvi wote ulihamia kwenye sahihi, kwamba kwa nini 85,000 inahitaji watu wawili wakati LUKU ya 80,000 ilitoka kwa simu, wakakubaliana chini ya laki moja mweka hazina alipe halafu aonyeshe risiti. Yule mama aliyetaka mlinzi aondoke alimgeukia fundi, akamuuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, kupima maji ile siku kungekuchukua muda gani?" Fundi akasema dakika kumi. Mwenyekiti alikasirika kidogo kusikia sentensi yake ikisomwa, ingawa alikuwa ameshaisoma nyumbani.

Ile "hatua stahiki zitachukuliwa" tuliivunja vipande vitatu. Fundi atafunga sensa kabla ya tarehe 20 Novemba, siku ileile anayoshusha mota aliyoisuka upya. Mweka hazina atamtumia pesa kabla ya tarehe 15. Mlinzi ataandika ukutani kwenye kibanda kila maelekezo ya fundi, na anayemshikia zamu atayasoma kabla hajagusa swichi.

Tarehe 21 nikapita, sensa hakuna. Kabla ya hapo ningeuliza "mbona haijafungwa" na ningejibiwa kuna changamoto. Safari hii nilimpigia fundi, akasema pesa ameipata jana jioni, nikampigia mweka hazina akasema kweli kachelewesha siku tano, mwanae alikuwa anaumwa. Fundi akaifunga tarehe 22 mchana, mlinzi akamshikia tochi, maana kile kibanda hakina dirisha.